Kinanda Kilichoshukuriwa Kabla ya Kufika

Nianze na mwenyekiti, maana bila yeye habari hii ingekuwa fupi kama kikohozi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kunyoosha suruali hata akienda kuchunga mbuzi, na alikuwa na sauti ya kusoma masomo kanisani ambayo yeye mwenyewe aliisikiliza kwa heshima kubwa kuliko sisi. Ndiye aliyeongoza kwaya ya kigango chetu, Ushirombo. Tuliimba miaka yote bila kinanda na hakuna aliyekufa. Kigango cha jirani wakapata kinanda. Basi! Usingizi wa mwenyekiti ukaishia hapo.

Akaitisha mchango. Watu wakaahidi kwa mbwembwe: huyu mpunga, yule beberu, mwingine pesa ya tumbaku akishalipwa na chama. Mwenyekiti akaperuzi simu yake wiki nzima, akaja na duka la mtandaoni, la huko ng'ambo, linalouza kinanda kwa bei ambayo Mwanza wangekucheka usoni ukiitaja. Nikamwuliza kwa nini ni rahisi hivyo. Akaniambia, "Mama Nesi, wewe jua sindano zako, mambo ya biashara tuachie." Haya.

Shida ni kwamba duka lile halikupokea fedha za simu. Lilitaka kadi ya benki, na kwenye kwaya nzima mwenye kadi iliyofunguliwa kulipia mtandaoni nilikuwa mimi peke yangu. Mshahara wangu wa zahanati unapitia benki, na kadi niliifungulia malipo ya mtandao nilipokuwa namlipia mwanangu ada ya maombi ya chuo. Ghafla mtu wa sindano nikawa mtu wa maana. Wakaniletea noti zimekunjwakunjwa, nikaziweka kwenye akaunti yangu, nikakaa na mwenyekiti pembeni ananipumulia shingoni, nikaandika namba za kadi. Simu ikaleta ile namba ya uthibitisho, nikaiingiza, tukawa tumelipa nusu. Masharti yalikuwa wazi kwenye risiti iliyokuja kwa barua pepe: nusu sasa, nusu ya pili kabla mzigo haujaondoka ghalani, kisha ndani ya wiki nne kinanda kitakuwa Kahama.

Nusu ya pili ikagoma. Mnajua ahadi za kanisani. Mtu anasimama Jumapili anapigiwa makofi, Jumatatu ukikutana naye njiani ana haraka. Mwenyekiti akaona aibu inamjia, na mtu yule aibu aliiogopa kuliko jehanamu. Akatunga jambo.

Jumapili ya Matawi nilikuwa zamu, nimezalisha wawili tangu alfajiri. Natoka jioni, nawasha simu, nakuta picha kwenye kundi la kwaya. Wenzangu wote wamesimama mbele ya altare na vitenge vyao vya sare, matawi ya mitende mikononi, na katikati yao kinanda. Cheusi, kinang'aa. Chini mwenyekiti ameandika: "Kinanda chetu kimefika! Tunamshukuru Mungu."

Nikampigia hapo hapo.

"Mwalimu, kinanda gani hicho?"

"Cha jirani. Nimekiazima kwa siku moja."

"Na umewaambia watu ni chetu?"

"Ni imani hiyo, Mama Nesi. Tunashukuru kabla ya kupokea. Watu wakiona kitu kwa macho wanatoa. Nimewaambia kimefika lakini kinadaiwa, tusipomalizia kitarudishwa."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine ya Kisumbwa kwa sababu Kiswahili kilikuwa hakitoshi. Akaahidi kwamba Pasaka atawaeleza ukweli. Nikamwachia, kwa kuwa uongo ulikuwa wake. Na uongo ukafanya kazi vizuri, shetani hana mchezo! Mpunga ukauzwa, beberu akauzwa, na Jumatano ya Juma Kuu nikaletewa fedha za kumalizia. Nikalipa kwa kadi ileile, namba nyingine ya uthibitisho ikaja na kupotea kama ile ya kwanza, na risiti ya pili ikaja.

Pasaka ikapita. Mwenyekiti hakueleza kitu. Wiki nne zikapita, kinanda hakikuja. Duka likaandika kwamba mzigo umezuiliwa na unadaiwa ushuru, utumwe kwa namba fulani ya simu, na mwenyekiti, bila kumwuliza mtu, akatuma fedha za akiba ya kwaya kwa mtandao wa simu. Baada ya hapo duka likawa bubu. Niliandika, nikaandika tena, nikapiga. Wapi! Ukurasa wao bado ulikuwa unatangaza vinanda kwa furaha.

Halafu kina mama watatu wa sauti ya pili wakaja nyumbani kwangu. Walikaa, wakakataa chai, na hapo nikajua kuna jambo, maana hao chai hawajawahi kuikataa. Mkubwa wao, mwanamke niliyemshika mkono uzazi wake wote, akaniita mama kwa Kisumbwa, akasema, "Mayu, tumekuja kukiona kinanda."

"Kinanda gani?"

"Hicho kilichopo kwako. Mwenyekiti alisema unakitunza kwa usalama."

Kumbe baada ya kukirudisha kinanda cha watu, na watu walipoanza kuuliza kiko wapi, yule bwana alisema kipo kwa Mama Nesi! Nikawaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Walinisikiliza kwa adabu na hawakuamini hata neno moja. Wakaenda kumwuliza yeye. Akajibu, "Tuombe, ndugu zangu, haya ni majaribu." Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Mstaafu wa watu alijua kujiweka kando!

Wiki ile ile ikazunguka habari kwamba nimekiuza kinanda Geita, kwa mfanyabiashara wa dhahabu, ati watoto wake wanataka kujifunza muziki. Watu wakawa wanaleta watoto kuchanjwa na hawanisalimii. Mtu anakupa mtoto wake umchome sindano lakini hakupi shikamoo. Kanisani kwenye kupeana amani ya Kristo, mikono ilinipita. Nilikuwa nimefanya kazi Ushirombo tangu nikiwa msichana, na sasa nilikuwa mwizi wa kinanda ambacho sijawahi kukigusa. Nikaapa fedha zile zitarudi na nitaziweka mezani mbele ya wote, iwe isiwe.

Shemeji yangu, anayejua kila kitu isipokuwa kazi, akanishauri. "Sema kadi iliibiwa. Sema hayo malipo huyatambui. Benki wanarudisha mara moja." Nikampa ugali wake nikamwambia ale anyamaze.

Bahati kwamba sikumsikiliza. Tawi letu dogo la benki waliniambia masuala ya kadi wanayashughulikia Kahama, nikapanda basi. Dawati la kadi lilikuwa na binti mmoja mwenye hijabu ya kahawia na kalamu tatu, msafi wa kuogopesha. "Shikamoo mama," akasema, na nilikuwa na hamu ya salamu kiasi kwamba nusura nilie pale pale. Nikamweleza. Kitu cha kwanza alichouliza:

"Wewe ndiye uliyelipa?"

"Mimi."

"Ukaingiza namba ya uthibitisho mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi usije ukasema huyatambui malipo. Wengi wanakuja hivyo. Mfumo unaonyesha namba iliingizwa, madai yanafutwa, na ukirudi na ukweli hakuna anayekusikiliza. Wewe umelipa na hukupewa mali. Hayo ni madai ya aina nyingine, na yana ushahidi wake."

Shemeji angekuwepo ningemtazama.

Ushahidi wenyewe sasa. Binti akachapa taarifa ya akaunti, akaigonga mhuri, akanipa kalamu moja kati ya zile tatu. "Tafuta malipo yako, mama." Nikatafuta jina la duka. Halipo! Juu chini, halipo. Binti akaniambia nisitafute jina, kwa sababu duka linaweza kuitwa hivi mtandaoni na kampuni inayopokea fedha ikaitwa vingine. Nitafute siku na kiasi. Kiasi nacho kilikuwa kasheshe: risiti ilikuwa ya dola, taarifa ya shilingi, na chini ya kila malipo kuna mstari mdogo wa ada ya benki ambao hakuna aliyewahi kuniambia. Tukaoanisha. Jina la ajabu lenye herufi tupu lilikuwapo mara mbili, na kule chini kabisa ya risiti, kwa maandishi ya kumkomoa mwenye miwani, jina lile lile la ajabu lilikuwapo. Lo, watu hawa! Wanajificha mpaka kwenye risiti yao wenyewe.

Tarehe nazo zilitaka kunitoa roho. Malipo ya pili nilifanya Jumatano ya Juma Kuu, lakini taarifa ilionyesha fedha zimekatwa rasmi baada ya Pasaka. Nikamwambia benki imekosea. Akacheka kidogo, kwa heshima. "Kuna safu mbili, mama. Hii ni siku uliyolipa. Hii ni siku hesabu ilipofungwa, na katikati palikuwa na sikukuu. Tutatumia ya kulipa, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye risiti." Akazungushia kalamu. Tukaambatanisha risiti mbili, ule ukurasa wa kuahidi wiki nne, na jumbe zangu zote za kuwauliza mzigo uko wapi, kwa sababu lazima ionekane nilimwendea muuzaji kwanza. Zile fedha za ushuru? "Hizo hazikupita kwenye kadi," akasema. "Hizo sisi hatuna mkono nazo." Nikazisamehe hapo hapo. Mwenyekiti sikumsamehe.

Nikajaza fomu, nikasaini, nikaambiwa benki yetu itapeleka madai kupitia mtandao wa kadi kwa benki ya muuzaji, na muuzaji ana haki ya kujibu. Nikasema ajibu nini, mwizi yule? Nikarudi nyumbani na moyo mwepesi.

Alijibu. Binti alinipigia simu nikiwa kliniki, mtoto analia mapajani mwangu. "Mama, njoo Kahama. Wameleta picha."

Picha! Nilipoiona kwenye dawati lile nilitamani ardhi ipasuke, lakini immeze mtu mwingine. Kwaya yetu, vitenge vyetu, matawi yetu, kinanda cha watu. Mwenyekiti katikati, meno yote nje. Kumbe siku ile hakuishia kuiweka kwenye kundi letu. Aliibandika na kwenye ukurasa wa duka, chini ya tangazo lao, ati awapendeze waharakishe mzigo! Wale jamaa wakaiokota, wakakata sehemu yenye tarehe, wakatafsiri maneno yake, wakaandika: mteja amepokea bidhaa na ameshukuru hadharani.

"Mama," binti akasema polepole, "ni kweli kilifika?"

Hata yeye! Nikamweleza kinanda kilikuwa cha kuazima. Akasema kwa benki ya upande wa pili hayo ni maneno tu, na muda wa kujibu ni mfupi. Ingesaidia kupata chapisho lenyewe lenye tarehe yake, au maelezo ya aliyeliandika.

Nikampigia mwenyekiti nikiwa pale pale.

"Ile picha uliyoweka kwenye duka, naitaka na tarehe yake."

"Nimeifuta."

"Umeifuta lini?"

"Maneno yalipoanza. Niliona italeta fujo."

"Na hata ile ya kundi? Mimi niliifuta kwa hasira, na wenzetu hawanisemeshi."

"Zote. Na simu nimebadilisha."

"Basi andika karatasi. Sema kinanda kiliazimwa. Saini tu, nitakuja kuichukua."

Akajibu kwa ile sauti yake ya masomo, "Mama Nesi, nitaonekanaje mbele ya padri? Mimi ni mtu mzima."

Nikamkatia simu. Mtu mzima! Mtu mzima aliyeficha kinanda hewa nyumbani kwangu, akaniachia jina la wizi, halafu anaogopa kalamu. Nilikaa kwenye kile kiti cha benki nikiwa nimemchukia kwa amani kabisa, bila haraka.

Binti alikuwa bado anaitazama picha. "Haya majani wanashika ya nini?" akauliza. "Harusi?"

Nikamwangalia. Yeye Mwislamu, atajuaje.

"Ni ya Jumapili ya Matawi. Wiki moja kabla ya Pasaka."

"Wanashika kila Jumapili?"

"Thubutu! Mara moja kwa mwaka."

Alichukua ile risiti ya pili, akaisoma tena. Masharti yao wenyewe, kwa mkono wao wenyewe: mzigo hautoki ghalani mpaka nusu ya pili ilipwe. Na nusu ya pili ililipwa Jumatano. Akaweka kidole kwenye mstari aliouzungushia kalamu, kidole kingine kwenye picha. "Mama, Jumapili hii na Jumatano hii, ipi ilitangulia?"

Nilipiga dawati kofi hadi mlinzi akachungulia. Walikuwa wanadai nimepokea Jumapili kitu ambacho kwa maandishi yao wenyewe Jumatano kilikuwa bado ghalani kwao, kinangoja fedha zangu. Walikata tarehe wakaacha majani! Hawakujua majani ni nini. Wezi wa ng'ambo hawaendi kanisani, hiyo nayo ni habari njema.

Nikarudi Ushirombo nikaomba parokiani kalenda ya liturujia ya mwaka ule, ile inayotundikwa sakristia, wakanipa nakala yenye mhuri. Barua nikaandika mwenyewe kwa Kiswahili, binti akaiweka kwa Kiingereza. Sikumtaja mwenyekiti kwa jina, lakini sikumficha pia. Niliandika kilichotokea: kwamba kiongozi wa kwaya aliazima kinanda kwa jirani, akawaambia watu ni chetu ili watoe michango, kwamba kinanda kilirudishwa jioni ileile, na kwamba hakijawahi kuingia nyumbani kwangu. Tukapanga karatasi kwa tarehe: risiti ya kwanza, picha na kalenda yake, risiti ya pili na mstari wake, ahadi ya wiki nne, jumbe zisizojibiwa. Mtoto wa darasa la nne angeelewa.

Duka halikujibu tena. Nilingoja muda mrefu nikichoma watoto sindano na kupitwa na amani ya Kristo, mpaka asubuhi moja ujumbe wa benki ukaingia. Fedha zimerudi, za risiti zote mbili. Ada za benki hazikurudi, na nikazijaza kutoka mfukoni mwangu ili asije mtu akasema zimepungua. Nikazitoa, nikazifunga kwenye kitambaa, nikaomba kikao cha kwaya baada ya misa.

Walikuja wote. Mwenyekiti alisimama kabla sijafungua mdomo. "Ndugu zangu, Mungu ametenda. Kwa juhudi za uongozi wenu, zile fedha zimepatikana." Uongozi! Makofi yakapigwa. Nilimwachia amalize, nikafungua mkoba, nikamkabidhi nakala ya barua.

"Mwalimu, wewe ndiye msomaji wetu. Wasomee jinsi zilivyopatikana."

Akaipokea. Sijui alidhani ni nini, labda shukrani za benki. Akavaa miwani, akapandisha ile sauti yake, akasoma anwani, akasoma salamu, akasoma vizuri kabisa, mpaka akafika kwenye kinanda cha kuazima. Sauti ikakatika. Akatazama karatasi kana kwamba maneno yatahama.

Yule mama wa sauti ya pili, aliyekuja kwangu akakataa chai, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akasema, "Endelea, Mwalimu."

"Hapa kuna mambo ya kiofisi tu..."

"Endelea."

Akaendelea. Alisoma kama mtoto anayejifunza herufi, neno moja moja, mpaka kwenye sentensi ya nyumba yangu. Nilifurahi. Sitajifanya mtakatifu, nilifurahi kila neno, na nilitamani barua ingekuwa ndefu zaidi. Alipomaliza akakaa na kuanza kufuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Nikaweka kitambaa mezani. Nikangoja. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo safari zote za Kahama: wakishajua, watasema nini. Nilikuwa nimejiandaa kuwasamehe, hata maneno nilikuwa nayo.

Mama wa sauti ya pili akageuka kwangu. "Sasa mayu," akasema, "kuna duka lingine mjukuu wangu kaliona. Kadi yako bado inafanya kazi?"

Wengine wakaitikia kwa kichwa, wote, kwa wema kabisa. Nikasema kadi inafanya kazi, na anayeitaka aanze kwa kuniomba radhi. Mmoja akakohoa. Mwingine akasema ya nini kurudisha mambo ya nyuma, si yamekwisha? Nikachukua mkoba wangu, nikawaachia kitambaa chao mezani. Sijafika hata kwenye ngazi za kanisa nikasikia fundo linafunguliwa, na yule mama wa sauti ya pili anaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, kwa sauti ili wote washuhudie.